Umeambiwa kwa simu umepata kazi: pata barua kwanza, ndipo uache uliyonayo

Simu hizi mara nyingi huingia jioni. Meneja aliyekusaili anakwambia, "Hongera, tumekuchagua wewe," anataja mshahara, anataja tarehe ya kuanza, kisha anauliza kama uko tayari. Furaha inakupanda, unasema ndiyo, na usiku huohuo unaanza kuandika barua ya kuacha kazi. Hapo ndipo nakuomba usubiri. Nimefanya kazi ya utumishi kwa miaka mingi. Nimewaandikia watu barua za ajira, na nimewahi pia kumpigia mtu simu kumweleza kwamba nafasi aliyoahidiwa imefutwa. Alikuwa ameshaacha kazi yake siku nne kabla. Sijaisahau simu ile, na mwongozo huu nauandika kwa ajili ya watu kama yule.

Ni vizuri ujue kinachoendelea ofisini baada ya wewe kukata simu. Meneja aliyekupigia kwa kawaida anasema kweli, ila hana kauli ya mwisho. Jina lako linatoka kwake linakwenda utumishi, ambao wanaangalia kama nafasi hiyo ipo kwenye ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa, na kama mshahara aliokutajia uko ndani ya ngazi yake. Kisha watu wa fedha wanathibitisha kwamba bajeti ipo. Mwisho kuna mtu wa kusaini, naye anaweza kuwa safarini au akawa na maswali yake. Katika kila meza ofa inaweza kukwama, kupunguzwa au kubadilishwa sura, bila mtu yeyote kuwa amekusudia kukudanganya. Nchi nyingi zinatambua makubaliano ya kazi yaliyofanywa kwa mdomo, lakini utathibitishaje mbele ya mtu wa tatu ni nini kilisemwa kwenye simu ya dakika sita? Na kwa upande wako, barua ya kuacha kazi ukishaikabidhi, kwa kawaida huwezi kuirudisha mpaka mwajiri wako akubali.

Nitaeleza hatua kwa kumfuata mhasibu mmoja wa mfano. Namba za mshahara nitaziandika bila sarafu, kila mtu aweke yake.

Hatua ya 1: Jibu simu bila kujifunga

Mhasibu wetu anapigiwa simu Alhamisi, tarehe 6 Machi. Anaambiwa mshahara ni 1,500 kwa mwezi na anatakiwa aanze tarehe 1 Aprili. Sasa hivi analipwa 1,300, na mkataba wake unamtaka atoe notisi ya siku 30.

Kwenye simu hana haja ya kubishana wala kusitasita. Anasema: "Nashukuru sana, nimefurahi, na nina nia ya kuja. Naomba mnitumie barua ya ofa yenye masharti yote ili niisome, kisha nitawathibitishia." Maneno yanayobeba uzito hapo ni "nina nia". Ukisema "nimekubali, naja tarehe 1", umekubali masharti ambayo bado hujayaona.

Kabla hajakata anauliza mambo mawili tu: nani ataandaa barua, na inatarajiwa siku gani. Jibu la pili lina habari nyingi. Meneja akisema "utumishi wataituma Jumanne", faili limeshaanza kutembea. Akisema "hiyo ni taratibu tu, wewe anza kujiandaa", inawezekana kabisa kwamba utumishi hawajasikia hata jina lako.

Akishakata simu anachukua karatasi na kuandika tarehe, saa, jina la aliyempigia na kila kilichosemwa, kwa maneno yaleyale. Kesho yake kumbukumbu itakuwa imeshaanza kuchanganya alichosikia na alichotamani kusikia.

Hatua ya 2: Andika barua pepe siku hiyohiyo

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, wakibaki kusubiri barua ije yenyewe. Barua pepe yako inafanya kazi tatu: inaweka kwenye maandishi kile ulichoambiwa, inaomba barua rasmi, na inafunga tarehe ya kuanza kwenye kupokea barua hiyo. Itume kutoka kwenye anwani yako binafsi na kwa simu yako mwenyewe. Kompyuta ya ofisi unayotaka kuiacha si mahali pa mazungumzo haya.

Mhasibu aliandika hivi:

"Ndugu Meneja,

Nashukuru kwa simu ya leo na kwa kunichagua kwa nafasi ya mhasibu mwandamizi. Nina nia ya kujiunga nanyi. Nilivyoelewa, mshahara ni 1,500 kwa mwezi, kituo cha kazi ni makao makuu, na mngependa nianze tarehe 1 Aprili.

Naomba nitumiwe barua ya ofa iliyosainiwa, au mkataba, unaoonyesha mchanganuo wa mshahara na posho, kipindi cha majaribio, notisi, likizo na masharti yoyote yanayopaswa kutimizwa kabla ya kuanza.

Mkataba wangu wa sasa unanitaka nitoe notisi ya siku 30, nami nitaitoa mara nitakapopokea na kusaini barua hiyo. Kwa hiyo naomba tarehe ya kuanza iwe Jumatatu ya kwanza baada ya notisi hiyo kuisha.

Kama kuna mahali sikuelewa sawasawa, naomba mnirekebishe."

Iangalie ile aya ya tatu. Hakuna mahali mhasibu amesema "siwaamini". Amesema tu kwamba ana wajibu kwa mwajiri wa sasa, na mwajiri yeyote makini anaheshimu hilo, kwa kuwa kesho naye angependa kuachwa kwa utaratibu huohuo. Lakini aya hiyo imehamisha saa. Tangu sasa, barua ikichelewa wiki moja, tarehe ya kuanza inasogea wiki moja, na anayeona uharaka ni wao.

Hebu tupige hesabu tuone kwa nini jambo hilo ni kubwa. Notisi ya siku 30 ikitolewa Ijumaa tarehe 7 Machi, siku za kwanza 24 zinaishia tarehe 31 Machi, na sita zilizobaki zinafika tarehe 6 Aprili. Maana yake, hata angeacha kazi asubuhi inayofuata, bado tarehe 1 Aprili ingemkuta ndani ya notisi. Tarehe aliyotajiwa haikuwezekana tangu mwanzo, isipokuwa kwa kuvunja mkataba au kulipia siku zilizobaki. Meneja hakuwa na nia mbaya, alitaja tu mwanzo wa mwezi kwa sababu hapo ndipo mishahara huanza kuhesabiwa. Ila ni tarehe za namna hiyo zinazowafanya watu wakimbilie kujiuzulu kabla ya karatasi.

Hatua ya 3: Soma barua huku maelezo yako ya simu yakiwa pembeni

Barua ilikuja Ijumaa, tarehe 14 Machi. Mhasibu aliiweka kando ya karatasi yake ya siku ile, akapitia mstari kwa mstari. Kwenye mshahara kulikuwa na 1,500, kama alivyoahidiwa. Ila chini yake kulikuwa na mchanganuo: mshahara wa msingi 1,050, posho ya nyumba na usafiri 450.

Ukisoma haraka unaona 1,500 unafurahi. Lakini kazi yake ya sasa inampa mshahara wa msingi 1,200 na posho 100. Jumla imepanda kwa 200, huku mshahara wa msingi ukishuka kwa 150. Na mambo mengi yanayofuata huhesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake: mchango wa mwajiri kwenye pensheni, saa za ziada, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, na mara nyingi kiinua mgongo. Tuseme mwajiri anachangia pensheni asilimia 10 ya mshahara wa msingi. Kwa sasa anawekewa 120 kila mwezi, kule angewekewa 105. Isitoshe, barua ilisema posho "zitabadilika kulingana na sera ya kampuni". Yaani ile 450 inaweza kupunguzwa kwa waraka mmoja bila kumuuliza, wakati mshahara wa msingi kwa kawaida haushushwi mpaka mfanyakazi aridhie.

Kitu cha pili alichokiona ni kipindi cha majaribio cha miezi sita, ambapo upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 7. Hapa kuna ukweli ambao afadhali niuseme wazi. Barua iliyosainiwa haikuhakikishii kazi ya kudumu. Kampuni ikibadili mawazo kabla hujaanza au wiki ya pili baada ya kuanza, mara nyingi unachoweza kudai ni malipo ya muda wa notisi ulioandikwa. Kama notisi ni siku 7, kinga yako ina ukubwa wa wiki moja. Ndiyo maana notisi ya wakati wa majaribio inastahili kuombewa nyongeza kuliko hata vitu vinavyoonekana vikubwa. Mtu anayeacha kazi ya miaka mitano ana haki ya kuuliza kama siku 7 zinaweza kuwa 30.

Vingine unaweza kuvipitia kwa kasi zaidi: cheo, kituo cha kazi, saa za kazi, idadi ya siku za likizo, bima ya afya inaanza lini. Kama kuna kitu uliahidiwa kwenye usaili, kwa mfano kufanya kazi nyumbani siku mbili kwa wiki au mshahara kupitiwa baada ya miezi sita, kitafute kwa jina. Kisipokuwepo kwenye barua, chukulia kwamba hukuahidiwa. Barua nyingi huwa na kifungu kinachosema zinachukua nafasi ya makubaliano yote ya awali, na kifungu hicho kinafuta kila kilichosemwa kwenye simu.

Mhasibu alijibu siku hiyohiyo kwa barua pepe fupi yenye maombi mawili tu: mshahara wa msingi uwe 1,300 na posho 200, jumla ikibaki 1,500 ileile, na notisi ya kipindi cha majaribio iwe siku 30. Kwa kampuni ombi la kwanza linagharimu kidogo, ombi la pili halina gharama mpaka siku wakimwachisha. Maombi mawili yenye sababu husikilizwa. Ukipeleka orodha ya maombi tisa, faili linarudi kwenye meza zote tulizozitaja mwanzo.

Hatua ya 4: Tafuta neno "itategemea"

Hapa ndipo watu makini wenyewe hunaswa. Wamepata barua, imesainiwa, imepigwa muhuri, wanaacha kazi. Kumbe kwenye ukurasa wa pili kuna sentensi: "Ofa hii itategemea majibu ya kuridhisha kutoka kwa wadhamini, uhakiki wa vyeti na uchunguzi wa afya." Barua ya namna hiyo bado ni ofa yenye masharti. Jibu moja likichelewa au lisiporidhisha, wana nafasi ya kujitoa, na wewe umeshakabidhi funguo.

Kwa hiyo unaomba jambo moja la ziada: ujumbe wa maandishi unaosema masharti yote yametimia. Mstari mmoja wa barua pepe kutoka utumishi unatosha. "Tunathibitisha kwamba uhakiki umekamilika na ofa yako haina sharti lililobaki." Siku unayopokea mstari huo ndiyo siku ya kuanza kufikiria barua ya kuacha kazi.

Tatizo linalobaki ni la bosi wako wa sasa. Kampuni nyingi hutaka kumuuliza yeye pia, na kumuuliza kabla hujajiuzulu ni kukutangaza. Ukijiuzulu ili wapate kumuuliza, umeruka kabla ya kujua kama kuna maji. Njia ninayoipendekeza ni kuwapa jina la bosi wako wa zamani, au la mtu mliyefanya kazi pamoja ambaye ameshaondoka hapo, na kuomba uhakiki wote mwingine umalizike kwanza. Wakisisitiza lazima wamfikie mwajiri wa sasa, omba waandike kwamba watamuuliza tarehe za ajira na cheo tu. Hayo ni mambo ya kumbukumbu, hayategemei kama bosi amekukasirikia kwa kuondoka. Kampuni ya mhasibu ilikubali bosi wa zamani.

Barua isipokuja

Wiki moja ya kimya baada ya tarehe uliyoahidiwa ni jambo la kawaida. Kumbusha kwa upole, mwandikie meneja na utumishi kwa pamoja: "Nafuatilia barua ya ofa tuliyoizungumzia tarehe 6. Nitatoa notisi mara nitakapoipokea." Sentensi ya pili iandike kila mara. Baada ya wiki mbili, uliza swali la moja kwa moja: je, nafasi imeshapata idhini? Swali hilo ni gumu kulikwepa. Watu wa utumishi hawapendi kuandika "ndiyo" kama si kweli, na kigugumizi chao kitakueleza mengi.

Kuna majibu mawili yanayotakiwa kukusimamisha kabisa. La kwanza ni "leta kwanza nakala ya barua yako ya kuacha kazi, ndipo tukupe mkataba". Wakati mwingine ni utaratibu wao wa kweli, wakihofia mtu kushika kazi mbili. Wajibu hivi: uko tayari kuleta barua ya kuacha kazi iliyopokelewa kabla ya siku ya kwanza ya kazi, nao waandike hilo kama sharti ndani ya mkataba uliosainiwa. Hofu yao inaisha na wewe hutabaki mikono mitupu. Jibu la pili ni "hatuna kawaida ya barua, sisi tunaaminiana". Mwajiri asiyeweza kuandika mshahara wako kwenye karatasi leo, mwezi wa tatu wa kazi utabishana naye kwa ushahidi gani? Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na msala huu bado hata hujauona umetandikwa.

Kuna pia shinikizo la muda: "Tunahitaji jibu leo, kuna mwingine anasubiri." Jibu lipo: "Jibu langu ni ndiyo, mkinitumia barua leo nitaisoma leo na kuirudisha kesho asubuhi." Kama haraka ni ya kweli, barua itakuja. Nimeona barua iliyosemekana haiwezi kupatikana kwa wiki mbili ikiandaliwa kwa saa tatu baada ya mgombea kusema maneno hayo.

Katika siku hizi zote usiwaambie wenzako kazini, hata yule rafiki wa karibu. Na kazi yako ifanye kama kawaida, maana huenda ukabaki nayo.

Hatua ya 5: Saini, hifadhi, ndipo uandike notisi

Kampuni ilikubali mshahara wa msingi 1,300 na notisi ya siku 21 badala ya 30. Mhasibu aliona inatosha. Alhamisi tarehe 20 Machi alipokea barua mpya. Kabla ya kusaini aliangalia mambo matatu madogo: jina lake limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, aliyesaini upande wa kampuni ana cheo kilichoandikwa chini ya saini, na marekebisho yamo ndani ya barua yenyewe. Kuahidiwa kwa barua pepe kwamba "tutarekebisha baadaye" hakutoshi, kwa sababu ya kile kifungu kinachofuta ya nyuma. Alisaini kila ukurasa, akarudisha, akaomba wathibitishe kuipokea, akahifadhi nakala yenye saini zote mbili kwenye anwani yake binafsi na nyingine ya karatasi nyumbani.

Hakuacha kazi siku ile. Alisubiri uhakiki. Jumatano tarehe 26 Machi utumishi waliandika kwamba masharti yote yametimia. Alhamisi tarehe 27 alimkabidhi bosi wake barua ya mistari mitano: kwamba anaacha kazi, kwamba anatoa notisi ya siku 30 kuanzia tarehe 28 Machi, na kwamba siku yake ya mwisho ni tarehe 26 Aprili. Hakutaja anakokwenda. Aliomba nakala yake isainiwe na kuandikwa tarehe ya kupokelewa, kwa sababu notisi inahesabiwa kuanzia hapo, na akawaandikia waajiri wapya jioni ileile kwamba ataripoti Jumatatu, tarehe 28 Aprili.